Mkufu wa karati 18, wa karati 14, wa kuvishwa na wa kuchovya: ulinganisho wa uimara na bei

Mikufu minne ikilazwa kwenye kitambaa kimoja cheusi dukani inaweza kufanana kwa rangi, urefu na mng'ao, ilhali bei ya mmoja ni makumi ya mara ya bei ya mwingine. Macho hayawezi kuieleza tofauti hiyo, kwa kuwa uso wa yote minne ni dhahabu. Linalotofautiana ni kiasi cha dhahabu kilicho chini ya uso huo, na kiasi hicho ndicho kinachoamua mkufu utadumu vipi, utatengenezwaje ukikatika, na utarudisha shilingi ngapi siku ya kuuza. Makala hii inailinganisha aina hizo nne, yaani dhahabu ya karati 18, ya karati 14, shaba iliyovishwa ganda la dhahabu na kitu kilichochovywa utando mwembamba wa dhahabu, kwa vipimo vilevile, ili msomaji aliyekwama kati ya mbili au tatu aweze kuchagua kwa kadiri ya matumizi yake na mfuko wake.

Vipimo vya ulinganisho

Jambo la kwanza ni dhahabu iliyomo: ni kiasi gani, na imekaa wapi. La pili ni uimara, nao lazima ugawanywe mara mbili, maana kitu kinachostahimili msuguano na kupindwa si lazima kistahimili jasho, manukato na klorini. La tatu ni bei, tukiangalia gharama ya kununua pamoja na thamani inayobaki. La nne ni uwezekano wa kutengenezwa, jambo ambalo wanunuzi wengi hulikumbuka mkufu ukiwa tayari umekatika.

Ili hesabu isielee hewani, tuchukue mkufu mmoja wa umbo rahisi, wenye pete ndogondogo zilizofumwa kwa waya wa unene wa milimita 0.6, ambao ukitengenezwa kwa karati 14 una uzito wa gramu 5. Tutautengeneza mkufu huohuo, kwa ukubwa uleule, mara nne. Tuchukulie pia kwamba gramu moja ya dhahabu safi ni dola 100. Bei ya soko la dunia ilikivuka kiwango hicho mwaka 2025, kwa hiyo siku ya kununua msomaji atazidisha kwa bei ya siku hiyo. Uwiano kati ya aina hizi utabaki vilevile.

Karati 18

*Dhahabu iliyomo.* Karati huhesabiwa kwa sehemu 24, hivyo karati 18 ni asilimia 75 ya dhahabu, na ndiyo maana chapa yake ni 750 au 18K. Robo iliyobaki katika dhahabu ya njano kwa kawaida ni fedha na shaba. Mchanganyiko huo umeenea mwili mzima: ukikata waya katikati, ndani na nje ni kitu kimoja.

*Uimara.* Dhahabu ya karati 18 ni laini kuliko ya karati 14, na ulaini huo huonekana kwanza kwenye pete na bangili, ambazo hugonga meza, sufuria na usukani wa gari kutwa nzima. Mikwaruzo hujitokeza mapema, na pete nyembamba ya karati 18 iliyovaliwa miaka mingi hulika upande wa kiganja hadi ikawa kama uzi. Kwenye mkufu, sehemu inayolika ni pale pete mbili zinaposuguana, hasa karibu na kidani kizito. Hata hivyo hakuna tabaka la kuisha, kwa hiyo rangi haibadiliki kamwe kwa kulika. Upande wa kemikali karati 18 ina nafuu, kwa kuwa dhahabu ni nyingi na shaba ni kidogo: jasho na manukato huigusa kwa shida.

Hapa niseme jambo ambalo wauzaji hulipita haraka. Unene wa waya huamua umri wa mkufu kuliko karati. Mkufu mnene wa karati 18 utadumu kuliko mkufu mwembamba wa karati 14, na mkufu ulio wazi ndani, yaani uliotengenezwa kwa bomba ili uonekane mkubwa kwa dhahabu kidogo, utabonyea na kutoboka kabla ya hiyo yote miwili. Kabla ya kuuliza karati, uliza kama ndani ni waya au bomba.

*Bei.* Karati 18 ni nzito: sentimita moja ya ujazo ina takriban gramu 15.5, ilhali ya karati 14 ina takriban 13. Mkufu wetu kwa hiyo utakuwa na uzito wa karibu gramu 6, ndani yake gramu 4.5 za dhahabu safi, ambazo ni dola 450 kabla ya ufundi, faida ya duka na kodi. Siku ya kuuza, sonara hulipa kwa uzito na usafi wa dhahabu, huku gharama ya ufundi ikipotea yote au karibu yote.

*Kutengenezwa.* Hulehemiwa, hupanuliwa, hung'arishwa na hata kuyeyushwa upya bila shida. Masonara wa Dar es Salaam, Zanzibar, Mombasa na Maskati wanaijua vyema.

*Humfaa nani.* Humfaa anayetaka rangi nzito ya dhahabu, anayevaa kitu kwa miaka mingi bila kazi nzito ya mikono, au anayekichukulia pambo kuwa pia ni akiba. Kwa akiba pekee, karati 21 na 22 zinazouzwa sana pwani na Ghuba zina dhahabu nyingi zaidi kwa kila gramu, lakini ni laini zaidi.

Karati 14

*Dhahabu iliyomo.* Sehemu 14 kati ya 24, karibu asilimia 58.5, ndiyo chapa ya 585 au 14K. Metali nyingine ni zaidi ya theluthi moja ya uzito, nazo vilevile zimeenea mwili mzima.

*Uimara.* Kwa kuwa ina shaba na metali nyingine nyingi zaidi, karati 14 kwa kawaida ni ngumu zaidi. Hukwaruzika polepole, hupindika kwa shida, na kucha zinazoshika jiwe juu ya pete hubaki mahali pake kwa muda mrefu zaidi. Ndiyo sababu Marekani, ambako pete ya ndoa huvaliwa jikoni, kazini na mazoezini, karati 14 imekuwa chaguo la kawaida.

Ugumu huo una gharama yake. Metali zilizoongezwa ndizo zinazoshambuliwa na kemikali, na klorini ndiyo adui mkubwa. Maji ya bwawa la kuogelea na dawa za kung'arishia nguo nyeupe huingia kwenye sehemu zilizokazwa kwa nguvu, kama kucha za jiwe na springi ya kifungo, na kuzitia nyufa zisizoonekana kwa macho. Sehemu hiyo huvunjika ghafla, bila kulika kwanza, na mwenye pete hushangaa jiwe limepotea ilhali pete inang'aa kama mpya. Karati 18 haiko salama kabisa, lakini iko mbali zaidi na hatari hiyo. Pia baadhi ya watu huona alama nyeusi au ya kijani kwenye ngozi wanapovaa karati 14 wakiwa na jasho jingi. Hayo ni mabaki ya shaba na fedha, na hayamaanishi kwamba wameuziwa bandia.

*Bei.* Mkufu wetu wa gramu 5 una gramu 2.93 za dhahabu safi, sawa na dola 293. Wanunuzi wengi hulinganisha bei ya gramu moja kwa gramu moja, wakaona karati 18 imezidi kwa asilimia 28 tu, kwa sababu 75 ikigawanywa kwa 58.5 ni 1.28. Lakini hakuna anayevaa gramu, huvaliwa umbo. Kwa mkufu wa ukubwa uleule, karati 18 ni dola 450 dhidi ya 293, yaani zaidi kwa asilimia 54, kwa kuwa inazidi kwa usafi na vilevile kwa uzito. Anayepanga bajeti kwa bei ya gramu ataishia kununua mkufu mwembamba kuliko aliokusudia, na wembamba huo ndio utakaoukata.

*Kutengenezwa.* Sawa na karati 18. Tahadhari moja ni ya kiufundi: dawa ya kulehemia iwe ya karati ileile, la sivyo kiungo kitaonekana kwa rangi.

*Humfaa nani.* Humfaa mvaaji wa kila siku mwenye mikono yenye kazi, na pete yenye jiwe. Akiwa Afrika Mashariki, akumbuke kwamba sonara wa pwani amezoea zaidi karati 18, 21 na 22. Karati 14 atainunua, ila apeleke kitu chenye chapa inayosomeka ili mazungumzo ya bei yasianzie kwenye shaka.

Neno moja kuhusu dhahabu nyeupe, ya karati 18 au 14. Weupe wake mkali kwa kawaida ni tabaka la rodiamu juu, nalo hulika na kurudishiwa baada ya muda. Nyingine huchanganywa na nikeli, na mwenye mzio wa nikeli anapaswa kuuliza mapema.

Ya kuvishwa, yenye chapa GF

*Dhahabu iliyomo.* Hivi ni vitu vinavyouzwa kwa jina la goldi fildi. Jina hilo huwafanya watu wadhani vimejazwa dhahabu ndani, na hali ni kinyume. Ndani ni shaba njano, yaani mchanganyiko wa shaba na zinki, na nje ni ganda la dhahabu ya karati lililoshikanishwa nayo kwa joto na shinikizo, kisha vyote vikavutwa pamoja kuwa waya au bati. Kwa kanuni za Marekani, ganda hilo halipaswi kupungua sehemu moja kati ya ishirini ya uzito wote. Chapa ya 14/20 GF husema kwamba ganda ni la karati 14 na ni asilimia 5 ya uzito. Dhahabu safi kwa hiyo ni kama asilimia 2.9 tu ya kitu chote.

*Uimara.* Ganda hili ni dhahabu iliyosukumwa na kukandamizwa, si vumbi lililotua juu, hivyo halibanduki na halina vitundu vya kupitisha jasho. Miwani na saa za mfukoni za zamani zilitengenezwa kwa njia hii, na nyingi bado zina rangi yake. Mkufu au hereni za kuvishwa zinaweza kuvaliwa kila siku kwa miaka mingi.

Lakini iko siri ndani ya ile asilimia 5: imepimwa kwa uzito, haikupimwa kwa unene. Waya ukiwa mwembamba, ganda nalo hupungua kwa kiasi hichohicho. Kwa waya wa milimita 1, ganda la 14/20 lina unene wa takriban mikroni 8, na mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Kwa mkufu wetu wa milimita 0.6 ni karibu mikroni 5. Kwa vile vimkufu vyembamba kama uzi, vya milimita 0.3, hubaki mikroni mbili na nusu hivi, kiasi ambacho msuguano wa pete kwa pete unaweza kukimaliza mapema. Chapa ni ileile, umri ni tofauti. Mahali pengine pa kuangalia ni ncha za waya zilizokatwa, kama vile mlango wa pete ndogo ya kuunganishia: pale shaba iko wazi, na madoa ya kijani huanzia hapo.

*Bei.* Mkufu wetu sasa ni mwepesi, karibu gramu 3.3, kwa kuwa shaba njano ina gramu 8.5 hivi kwa sentimita ya ujazo. Dhahabu safi ndani yake ni gramu 0.1, yaani dola 10. Mnunuzi hulipia zaidi kazi na ganda linalodumu. Asitarajie kurudishiwa chochote cha maana, maana masonara wengi hawavinunui hivi kabisa.

*Kutengenezwa.* Ni vigumu kiasi. Moto wa kulehemia unaweza kuliharibu ganda au kuacha doa, na mashine ya kung'arishia hula dhahabu ambayo hairudi. Pete ya kuvishwa haifai kupanuliwa. Kifungo kikivunjika hubadilishwa bila moto, na hapo hakuna tatizo.

*Humfaa nani.* Humfaa anayetaka mwonekano wa dhahabu kila siku kwa gharama ndogo, akichagua umbo nene badala ya jembamba, na asiyeweka matumaini ya kuuza baadaye.

Ya kuchovya

*Dhahabu iliyomo.* Kitu cha shaba njano, fedha au chuma cha pua hutumbukizwa kwenye maji yenye chumvi ya dhahabu, mkondo wa umeme ukapitishwa, na dhahabu ikatua juu yake. Unene hutegemea muda na umeme uliotumika. Mchovyo wa bei nafuu mara nyingi hauzidi mikroni nusu, na mwingine ni sehemu ndogo ya hiyo. Chapa zake ni GP, GEP au HGE, lakini vingi havina chapa yoyote. Tahadhari ni kwa 18K GP: hiyo 18K inasema karati ya ule utando tu. Kinyume chake, 14KP iliyozoeleka Marekani ni dhahabu ya karati 14 mwili mzima, na P hiyo si ya kuchovya bali ya kuthibitisha kwamba karati imetimia. Wengi wameikataa dhahabu ya kweli kwa sababu ya herufi hiyo moja.

*Uimara.* Utando wa mikroni nusu ni sehemu moja ya kumi ya ganda la mkufu wetu wa kuvishwa. Kwenye pete inayovaliwa kila siku, rangi ya shaba inaweza kuanza kuchungulia upande wa kiganja ndani ya miezi. Kwenye hereni, ambazo hazisuguliwi na kitu, utando uleule unaweza kukaa miaka. Tatizo la pili halihitaji msuguano: shaba na fedha hupenya polepole kutoka chini hadi juu ya utando mwembamba, na kitu kilichofungiwa sandukuni kikatoka na wekundu au weusi. Watengenezaji makini huzuia hilo kwa kutanguliza tabaka la nikeli, ambalo kwa wenye mzio ni tatizo jipya mara dhahabu inapolika.

Mchovyo mzuri upo. Fedha ya 925 iliyochovywa angalau mikroni 2.5, kiwango ambacho kanuni za Marekani hukitambua kama daraja la pekee, ni kitu kingine kabisa kulinganisha na bangili ya mchovyo wa bei ya chini kabisa sokoni.

*Bei.* Kwa mkufu wetu, mikroni nusu ya dhahabu ni kama gramu 0.024, thamani ya dola mbili na nusu hivi. Bei ya kuuza upya haipo, isipokuwa ile ya fedha iliyo chini yake.

*Kutengenezwa.* Moto huuharibu utando, lakini kitu chenyewe kinaweza kusafishwa na kuchovywa upya. Kwa bangili ya shaba ya bei ndogo gharama hiyo mara nyingi hupita bei ya kununua mpya. Kwa kitu cha fedha inaweza kuwa na maana.

*Humfaa nani.* Humfaa bibi harusi na wasimamizi wake wanaohitaji seti nzima kwa siku moja, mpenda mitindo inayobadilika kila msimu, na anayetaka kujaribu umbo fulani kabla ya kulinunua kwa dhahabu.

Namna ya kuhakiki unachouziwa

Sumaku haitoshi, kwa sababu shaba njano nayo haivutwi. Jiwe la mtihani na tindikali husoma uso, hivyo kitu cha kuvishwa kinaweza kupita kama dhahabu ya karati 14 mpaka sonara akikwangue kwa tupa mahali pa siri. Kipimo ambacho hakiharibu kitu ni cha uzito na maji, nacho kinahitaji tu mizani inayosoma hadi sehemu moja ya mia ya gramu.

Pima kwanza mkufu mkavu: tuseme gramu 5.00. Weka kikombe cha maji juu ya mizani na uirudishe kwenye sifuri. Uning'inize mkufu kwa uzi mwembamba uzame wote bila kugusa chini wala kingo, na utikise viputo vitoke. Mizani itaonyesha uzito wa maji yaliyosukumwa, tuseme 0.38. Gawanya 5.00 kwa 0.38, utapata karibu 13, ambayo ni karati 14. Mkufu wa kuvishwa, au wa shaba njano uliochovywa, wa ukubwa huohuo ungekuwa na gramu 3.3, na jibu lingekuwa kati ya 8 na 9. Karati 18 ya njano huangukia karibu 15.5. Kipimo hiki hudanganya kitu kikiwa na mawe au kikiwa bomba lenye hewa ndani, na kwa kitu kidogo sana kosa la mizani humeza tofauti. Mashine za miale walizo nazo masonara wakubwa ni sahihi, ila nazo husoma tabaka la juu, kwa hiyo mwambie mwenye mashine kama unashuku ganda.

Kwa kila hali

Kwa pete ya ndoa isiyovuliwa, mvaaji akiwa fundi, mpishi au muuguzi, karati 14 ina nafasi kubwa ya kubaki na umbo lake, kwa sharti kwamba huvuliwa kabla ya kushika dawa yenye klorini. Anayeshika dawa hizo kila siku, au anayeogelea mara kwa mara na husahau kuvua, atakuwa na amani zaidi na karati 18 iliyo nene, hata ikikwaruzika.

Kwa mkufu wa kila siku na bajeti ya kati, kama dola 300 hazipo lakini kuna zaidi ya bei ya mchovyo, wa kuvishwa wenye waya wa milimita 0.6 au zaidi ndio wa kuutazama kwanza. Kama umbo linalotakiwa ni jembamba kama uzi, heri karati 14 ya uzito mdogo, ambayo kwa wembamba huo inaweza isigharimu kama ilivyodhaniwa.

Kwa hereni, tofauti ya uimara kati ya aina hizi hupungua sana, na fedha iliyochovywa vizuri hutosha watu wengi. Sehemu ya kuangaliwa ni kijiti kinachopita sikioni: mwenye mzio wa nikeli aombe kijiti cha dhahabu ya njano ya karati au cha titani, hata kama pambo lenyewe ni la kuchovya.

Kwa zawadi ya mahari au kitu kitakachorithiwa, vya kuvishwa na vya kuchovya havina nafasi, na kati ya karati 18 na 14 mizani huelemea 18, kwa kuwa soko la pwani na la Ghuba huipokea bila maswali. Risiti iandikwe uzito, karati na bei ya gramu ya siku hiyo katika mistari tofauti na ufundi. Duka linaloandika jumla moja tu linamnyima mnunuzi kujua ni kiasi gani cha pesa zake kimebaki ndani ya mkufu.